Usiuze jina lako kwa bei ya chupa

Ndugu mfugaji nyuki na wewe unayefungasha asali, kuna ushauri unaozunguka vijijini kwamba supamaketi ikikuomba uifungashie asali kwa jina lake, kubali yote, maana soko ni la uhakika. Mimi naupinga. Oda si mbaya. Kosa ni kuipa duka mzigo wako wote.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa chupa ya gramu 500. Kwa chapa yako, duka linakulipa shilingi 410. Asali ni 240, chupa na lebo 45, kazi 20, usafiri 15, na punguzo la duka pamoja na mali inayorudishwa 40. Unabaki na 50. Kwa chapa ya duka unalipwa 330. Lebo wanatoa wao na hawarudishi mali, kwa hiyo gharama ni 305. Unabaki na 25.

Sasa wakikulipa baada ya siku 60, na mtaji wako ni mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, riba inakula 12. Zimebaki 13. Asali ikipanda shilingi 15 kwa chupa, unafunga chupa kwa hasara. Chapa yako nayo hucheleweshewa malipo, ila ina nafasi ya kubeba mzigo huo.

Tena, chupa yenye jina la duka haiuziki kwingine. Wakenya wanaikumbuka Nakumatt, iliyokuwa na chapa yake ya Blue Label. Iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe, huku ikidaiwa mabilioni na waliokuwa wakiiuzia.

Kwa hiyo fanya hivi. Oda ya duka isizidi theluthi ya asali yako. Iwe ya kujazia siku ambazo mitambo ingelala. Wape asali ya kawaida iliyochanganywa kutoka maeneo mengi, na ile ya ua moja au ya msitu wenu ibaki na jina lenu. Mkataba utaje siku ya kulipwa, nani ananunua lebo zilizobaki oda ikikatwa, na bei ifuate bei ya asali shambani.

Nanyi wenye maduka, msijidanganye. Chapa yenu huonekana rahisi kwa sababu chapa ya mfungashaji imesimama pembeni yake kwa bei ya juu. Mkiiondoa rafuni, mteja hana cha kulinganisha, na mfungashaji aliyekufa hatawajazia chupa msimu ujao. Wekeni jina lenu kwenye bidhaa ambazo mteja hajali nani kazitengeneza, kama sukari na chumvi. Asali huogopewa kuchakachuliwa, na mteja huitafuta kwa jina la anayemwamini.

Kabla ya kusaini, piga hesabu ile ya chupa moja kwa bei zako mwenyewe. Kama hubaki na kitu baada ya siku 60, rudisha karatasi.