Ibanda: Aboneman ya "dola 4 kwa mwezi" inakata dola 48 mara moja

Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025, mtandao wa X ulipozuiwa katika DRC, watu wengi walianza kutafuta VPN, ile programu inayomsaidia mtu kupita pale mtandao umefungwa. Tangu hapo matangazo yake yanaonekana sana ku simu za wakaaji wa Ibanda, kutoka Nguba mpaka Panzi. Bei inaandikwa kwa herufi kubwa: dola 3, dola 4 kwa mwezi. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna maneno mawili ya Kifaransa: "facturé annuellement". Maana yake ni kwamba feza ya mwaka mzima inakatwa siku ile ile.

Tuseme mwanafunzi mmoja wa Ibanda ana dola 50 ku kadi. Anaona dola 4, anakubali, na palepale dola 48 zinatoka. Kisha miezi tatu anaacha kutumia programu ile. Anapiga hesabu: miezi 9 imebaki, mara dola 4, basi wanirudishie dola 36. Lakini kwa kawaida hatapata kitu. Dola 4 haikuwa bei ya mwezi. Ilikuwa bei ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, na kitu alichonunua ni mwaka.

Tuseme tena kwamba mtu anayelipa mwezi kwa mwezi katika kompani ile ile anatoa dola 10. Mwanafunzi yule angelipa dola 30 kwa miezi yake tatu. Bei ya mwaka, dola 48, inafikia karibu miezi mitano ya dola 10. Kwa hiyo mtu ambaye hana hakika ya kufikisha miezi mitano, afazali alipe kila mwezi, hata kama ile dola 10 inaonekana ghali.

Namna hii ya kutangaza bei haikubaliki hata kwa wale wanaouzisha programu. Google, katika sheria za duka lake la Play Store, inataja kama kosa aboneman ya mwaka ambayo bei ya mwezi ndiyo inaonekana zaidi. Apple nayo inaomba kwamba feza itakayokatwa ndiyo ionekane kubwa kuliko bei ingine yote. Lakini sheria hizo zinahusu programu zinazouzwa ndani ya maduka yao. Kompani inayouzisha ku saiti yake yenyewe haifungwi nazo.

Kuhusu kurudishiwa, siku za kwanza ndizo zinahesabiwa. Kwa kitu kilicholipwa ku Play Store, mtu anaweza kuomba feza yake kwa Google ndani ya saa 48. Kisha hapo, Google inamutuma kwa kompani iliyotengeneza programu. Kompani zingine za VPN zinatoa siku 30, lakini haziko sawa. NordVPN inarudisha feza yote, na Proton VPN inarudisha tu sehemu ya muda ambao haujatumika. Na aliyelipa kupitia duka la Apple anapaswa kuomba kwa Apple, hata kama kompani yenyewe imeahidi siku 30.

Siku hizo zikipita, kinachobaki ni kusimamisha aboneman ili isikate tena mwaka ujao. Hapa wengi wanakosea. Wanasema "nimeshaitosha ku simu", kumbe kufuta programu hakusimamishi aboneman. Ku Play Store inafaa kugusa picha ya konti yako, kuingia "Paiements et abonnements", kisha "Abonnements", na kuisimamisha pale. Programu itaendelea kutumika mpaka mwisho wa mwaka uliolipwa, na hakuna feza ingine itakayotoka.

Kwa Bukavu kuna shida ya pekee. Tangu mabenki yalipofunga milango mwezi wa pili 2025, mtu asiye na kadi anaweza kumupa ndugu au mwenye duka feza mkononi ili amulipie kwa kadi yake. Feza ikirudishwa, inarudi ku kadi iliyolipa. Haiji kwa mwenye simu. Na mwaka ukiisha, kadi ile ile ndiyo itakatwa tena dola 48, au zaidi, juu bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja tu.

Basi wanaosaidiana namna hiyo wapatane mbele ya kulipa: konti ni ya nani, aboneman itasimamishwa siku gani, na feza ikirudi itamufikia nani. Kusimamisha kunaweza kufanywa siku ile ile ya kulipa, na haiondoi hata mwezi mmoja kati ya ile 12.