Wake 75? Hesabu Tena

Jana pale Adams Arcade, nikingoja matatu ya kuenda tao, msee mmoja alikuwa anabonga kwa sauti ati Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar alikuwa na wake 75. Mabeshte zake wakacheka, wakasema huyo ndiye mwanaume. Nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Hiyo 75 imetoka kwa binti yake mwenyewe, Salme, kwa kitabu alichotoa 1886. Lakini Salme hakusema wake. Alisema babake alipokufa 1856 aliacha masuria 75. Mke wa ndoa wakati huo alikuwa mmoja, Azza binti Seif, na hakuzaa. Suria alikuwa mtumwa, wengi wao walinunuliwa. Ukimwita mke, unafuta bei iliyolipwa.

Sasa watoto. Salme anahesabu 36: wavulana 18, wasichana 18. Hao ni wale walioachwa hai. Waliotangulia kufa hawamo. Wote mama zao ni masuria, lakini kisheria mtoto wa suria ni huru na anarithi. Ndiyo maana wanne walitawala Zanzibar: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Kila mmoja anaandikwa "bin Said". Mama hayuko.

Salme alimtaja wake: Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo.

Kwa hivyo buda, kabla urushe hiyo namba tena, nitajie majina matatu tu kati ya hao 75. Huwezi? Basi hujahesabu watu, umehesabu mali.