Mlio wa mota hautibiwi kwa masafa peke yake

Uliza kwa nini mota ya roboti inalia mlio mwembamba inapoendeshwa kwa PWM, na karibu kila fundi atakupa jibu moja: pandisha masafa yapite uwezo wa sikio. Kwa wenye Arduino Uno, jibu hilo huja likiwa mstari wa kunakili:

```
TCCR1B = TCCR1B & 0b11111000 | 0x01;
```

Mstari huu unapandisha masafa ya pini 9 na 10 kutoka hezi 490 hadi hezi 31,372, na mlio unakwisha kweli. Wanaoutetea huongeza kwamba joto nalo litapungua, na kule kushtukashtuka kwa mota ikienda polepole kutaisha, maana mkondo wa umeme sasa umekuwa laini. Basi mtu anauweka kwenye programu inayoendesha bodi ya L298N, anaagiza asilimia 30, na mota iliyokuwa ikizunguka kwa kelele inanyamaza na kusimama. Akirudi kuuliza, anaambiwa chipu yake ni ya kizamani, haimudu masafa hayo.

Sikubaliani na dawa ile ikitolewa peke yake, wala na maelezo haya ya kushindwa kwake. Mtengenezaji wa L298 anataja kilohezi 25 kuwa masafa ya kawaida na 40 kuwa kikomo. Kilohezi 31 zimo ndani ya mpaka. Kinachoiua mota ni waya uliochaguliwa kupitishia PWM.

Wengi hufunga PWM kwenye ENA, kisha hutumia IN1 na IN2 kuchagua upande wa kuzunguka. Ndivyo michoro mingi ya kufundishia inavyoonyesha. Lakini ENA ikizimwa, transista zote nne za upande huo hufunga kwa pamoja. Koili ya mota haikubali mkondo wake ukatwe ghafla, kwa hiyo mkondo unajitafutia njia kupitia dayodi na kurudi kwenye betri, ukisukumana na volti zote za betri hiyo. Unakufa haraka, pengine kwa kasi kubwa kuliko ulivyopanda. Kila umeme unapowashwa tena, mkondo unaanza kupanda kutoka sifuri.

Tuchukue mota ya gia ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 6 na induktansi ya milihenri 3. Ukigawa induktansi kwa ukinzani unapata nusu milisekunde, nao ndio muda ambao mkondo hutumia kufika asilimia 63 ya kilele chake mota ikiwa imezuiwa isizunguke. Namba hii ndiyo ya kuijua kabla ya kugusa masafa. Kwa hezi 490 na asilimia 30, umeme unawaka kwa takriban milisekunde 0.6. Mkondo unapata nafasi ya kupanda hadi zaidi kidogo ya ampea 1 kabla ya kukatwa, na wastani wake unakuwa kama robo ampea. Mota inaanza kuzunguka. Kwa hezi 31,372 umeme unawaka kwa mikrosekunde 9.6 tu. Mkondo unafika miliampea 35 hivi, unakatwa, unakufa, na wastani unabaki chini ya miliampea 10. Kiasi hicho hakitoshi hata kushinda msuguano wa gia. Agizo ni lile lile la asilimia 30, mota ni ile ile, lakini nguvu imepungua zaidi ya mara 25.

Sasa acha jampa ya ENA mahali pake ili ENA iwe juu muda wote, peleka PWM kwenye IN1, na IN2 iwe chini. IN1 ikishuka, ncha zote mbili za mota zinaunganishwa upande wa chini wa daraja. Mkondo hausukumani tena na betri. Unazunguka ndani kupitia transista moja na dayodi moja, ukipungua taratibu, na umeme unaporudi unaukuta bado upo. Kwa asilimia 30 ile ile wastani sasa ni karibu ampea 0.4 mota ikiwa imezuiwa, na ukipandisha masafa haubadiliki sana. Agizo na nguvu sasa vinakwenda pamoja, na mshtuko wa mwendo wa polepole unapungua kwa sababu hiyo. Masafa peke yake yasingeuondoa.

Kuhusu joto, watu huchanganya joto la mota na joto la dereva. Mota hupashwa na mraba wa mkondo. Kwenye mfano wetu wa hezi 490 kupitia ENA, mkondo unaoruka kutoka sifuri hadi ampea 1 na kurudi unapasha koili karibu mara tatu ya mkondo tulivu wenye wastani ule ule, yaani wenye nguvu ile ile ya kusukuma gurudumu. Hapa watetezi wa masafa ya juu wana haki kamili, ilimradi mkondo uwe umeachiwa njia ya kuzunguka. Joto la L298N ni jambo jingine. Transista zake hula kati ya volti 1.8 na 3.2 kwa mkondo wa ampea 1, kwa hiyo kipande kile cha alumini kinaweza kupokea hadi wati 3.2 hata kama hukati umeme kabisa. Ukipandisha masafa, unaongeza juu yake hasara ya kila kuwasha na kuzima. Anayeunguzwa kidole na bodi hii atafute dereva wa MOSFET. TB6612FNG, kwa mfano, ina takriban nusu omu, na pini yake ya PWM ikishuka yenyewe huunganisha ncha za mota, ndiyo maana mstari ule wa kunakili hufanya kazi vizuri kwa wenye bodi hiyo. Ila ina mpaka wa ampea 1.2 za kudumu, basi mota yetu, inayoweza kuvuta karibu ampea 2 ikikwama, isiachwe imekwama juu yake.

Kwa mota hii mimi ningechagua kilohezi 20. Sikio halisumbuki, wimbi la mkondo ni kama miliampea 40 tu, na dereva anawasha na kuzima mara chache kuliko kwa 31. IN1 iende pini 9, IN2 pini 10, na pini zote mbili ziwe zimetangazwa kuwa za kutoa:

```
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 400;
OCR1A = 120;   // asilimia 30
```

Kurudi nyuma, zima `COM1A1`, shusha pini 9, kisha washa `COM1B1` na uandike kasi kwenye `OCR1B`. Fahamu kwamba maktaba ya Servo hutumia saa hiyo hiyo, hivyo haviwezi kukaa pamoja. Pini 5 na 6 usiziguse kwa ajili ya masafa, kwani saa yao ndiyo inayohesabu `millis()` na `delay()`.

Kama bodi yako imeshaunganishwa, ENA ikiwa ndiyo njia pekee ya PWM, fanya kinyume cha ushauri wa wengi: shuka hadi hezi 100 hivi. Mota itanguruma na itapata joto zaidi, lakini kila pigo litakuwa na mkondo wa kutosha kuzitoa gia mahali zilipokwama. Kupima ni rahisi. Zuia gurudumu kwa mkono, weka asilimia 30, na usome wastani wa ampea kwenye waya wa mota ukibadilisha masafa. Usomaji ukishuka vikali kadiri masafa yanavyopanda, mkondo wako unakufa kila mzunguko, na cha kurekebisha ni nyaya kabla ya programu.