Dawa iliyopitia mlango wa pili si lazima iwe bandia

Mzazi wa mtoto mwenye pumu anafika duka la dawa. Jina la kampuni ni lile analolijua, lakini boksi lina maandishi ya Kituruki na bei iko chini. Jirani anamwambia ni feki. Huenda jirani amekosea.

Kampuni za dawa huuza dawa ileile kwa bei tofauti katika nchi tofauti. Mfanyabiashara huinunua kihalali mahali ilipo rahisi, kisha akaileta kwingine bila idhini ya kampuni. Dawa ni halisi. Njia tu ndiyo tofauti.

Je, mwenye alama ya biashara anaweza kumzuia? Katika Umoja wa Ulaya, akishaiuza dawa mwenyewe ndani ya soko lao, haki ya kuzuia isiuzwe tena humo huwa imekwisha. Ikitoka nje ya soko hilo bila ridhaa yake, haki bado anayo.

Kisa kigumu ni cha boksi. Mwaka 1996, katika kesi ya Bristol-Myers Squibb dhidi ya Paranova, Mahakama ya Ulaya iliruhusu mwagizaji kubadilisha boksi pale inapobidi ili dawa iuzike nchini. Lakini dawa yenyewe isiathirike, boksi litaje aliyeitengeneza na aliyeifunga upya, lisiharibu sifa ya alama, na mwenye alama ajulishwe kabla ya mauzo.

Naona mahakama ilipima vizuri. Alama ya biashara ipo ili tujue dawa imetoka kwa nani. Si ukuta wa kulinda bei ghali. Hapa Kenya pia, kanuni za mwaka 2019 zinaruhusu uagizaji wa aina hii chini ya usimamizi wa Bodi ya Famasi na Sumu.

Ila tusijidanganye: uhalisi si usalama wote. Insulini halisi iliyoachwa kwenye stoo yenye joto kali hubaki na jina lake, lakini nguvu yake hupungua, na jicho huenda lisione tofauti. Maelekezo yasiyosomeka nayo ni hatari. Dawa ya kuvuta iitwayo salbutamol kwetu huandikwa albuterol Marekani. Mzazi asiyejua anaweza kumpa mtoto zote mbili akidhani ni dawa tofauti.

Kwa hiyo usiikimbie bei nafuu, uliza. Nani ameiingiza nchini, na ana kibali cha Bodi? Ilihifadhiwa vipi njiani? Kisha linganisha nambari ya bechi na tarehe ya mwisho iliyo kwenye boksi na zile za chupa au kopo lililomo ndani. Zisipolingana, au maelekezo yakiwa katika lugha usiyoisoma na mfamasia hawezi kukuandikia dozi, irudishe kabla mtoto hajaitumia.