Nenosiri moja limevuja, lakini kazi iko kwenye akaunti nyingine

Barua pepe ya namna hii imeshawafikia wengi: "Tumebaini kuwa taarifa za wateja wetu zimevuja. Tafadhali badilisha nenosiri lako." Mtu anabadilisha, anafunga simu, anaamini yameisha. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Tangazo linahusu akaunti moja tu. Mwizi hana haja na hiyo moja. Anachukua barua pepe na nenosiri vilivyovuja, kisha anavipa programu ivijaribu kwenye mamia ya tovuti nyingine. Aliyetumia nenosiri lilelile kila mahali amempa ufunguo wa nyumba nzima.

Mfano wa wazi ni 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo vya vinasaba. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti takriban 14,000 za wateja kwa manenosiri yaliyovuja kwingine. Kupitia huduma ya kutafuta ndugu, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Akaunti za wengi wa hao hazikuwa zimeingiliwa. Wao waliponzwa na ndugu zao.

Anza na orodha

Wengi hudhani programu ya kutunza manenosiri ni ya kuhifadhi tu. Baada ya uvujaji, faida yake ya kwanza ni orodha. Hakuna anayekumbuka kwa kichwa alijisajili wapi miaka sita iliyopita.

Wenye simu za Android wengi tayari wanayo: Kidhibiti cha Manenosiri cha Google, kinachofunguka kwa anwani passwords.google.com. Kikiombwa kukagua, kinatenga manenosiri katika mafungu matatu: yaliyovuja, yaliyorudiwa na yaliyo dhaifu. Bitwarden nayo ina ripoti za aina hiyo, ingawa nyingine ni za kulipia.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo. Amepata tangazo kutoka duka la mtandaoni aliloagiza mzigo mara moja. Anakagua, anakuta nenosiri la duka lile liko kwenye akaunti 17, ikiwemo barua pepe yake.

Aanzie wapi? Si dukani. Aanze na barua pepe, kwa sababu mtu akibonyeza "umesahau nenosiri", mara nyingi kiungo cha kubadilisha kinatumwa huko. Aliyeshika barua pepe ameshika zote 17. Kwake yeye kuna sababu ya pili: akaunti hiyo ya Google ndiyo inayobeba orodha yenyewe.

Nenosiri hilo la barua pepe atunge mwenyewe, refu na asilowahi kulitumia popote, kisha awashe uthibitishaji wa hatua mbili. Namba mbadala za kuingilia aziandike kwenye karatasi na kuiweka nyumbani, kwani simu ikiibwa, vyote vinaondoka pamoja.

Baadaye aende kwenye akaunti zinazogusa pesa, halafu mitandao ya kijamii anayouzia, mwisho zilizobaki. Huko kote aiache programu itunge nenosiri. Kubadilisha "Kitenge2019" kuwa "Kitenge2025" hakusaidii, maana mabadiliko madogo kama hayo wezi huyajaribu pia.

Panapokwama

Wakati mwingine programu huhifadhi nenosiri jipya kabla tovuti haijalikubali, au hubaki na la zamani. Dawa ni kutoka kwenye akaunti na kuingia upya palepale. Ikigoma, ni bora kujua leo kuliko siku mteja anasubiri.

Jambo la pili: baadhi ya huduma hazimfukuzi aliyekwisha ingia. Nenosiri limebadilika, mwizi bado yumo. Ndani ya mipangilio kuna orodha ya vifaa vilivyoingia. Ambacho mwenyewe hakitambui kiondolewe. Kwenye barua pepe aangalie pia kama kuna anwani ngeni inayotumiwa nakala za ujumbe wake, na kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya kwake kweli.

Tangazo lenyewe nalo linaweza kuwa mtego. Badala ya kubonyeza kiungo kilichomo, afungue programu au tovuti husika mwenyewe. Hapa kidhibiti kinasaidia kimyakimya: kwenye tovuti feki hakijazi nenosiri, kwa kuwa anwani hailingani na iliyohifadhiwa. Kikikaa kimya mahali ambapo kwa kawaida hujaza, asimame na kusoma anwani herufi kwa herufi.

Kuna kisichofikiwa na ukaguzi huu: namba ya siri ya pesa za simu. Hiyo haimo kwenye orodha. Kama tarakimu zake ndizo zile za mwisho wa nenosiri lililovuja, ibadilishwe kwenye menyu ya mtandao wa simu siku hiyohiyo.

Akaunti 17 hazimalizwi kwa kikao kimoja. Barua pepe na za pesa zisilale; nyingine anaweza kuzipunguza tatu kwa siku mpaka fungu la "yaliyorudiwa" lisome sifuri.