Nakala ya majaribio yenye data ya uongo ni mapambo tu

Leo nina neno na wale wanaosema "mimi hujaribu kwanza" huku nakala yao ya majaribio ina wateja 40, wote wakiitwa Jaribio Moja, Jaribio Mbili. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hivyo nitajisema kwanza.

Nilikuwa natunza tovuti ya duka moja. Wateja wake waliingia kwa namba ya simu. Wengine walijisajili kwa mtindo wa 07, wengine kwa 254, basi nikaamua kusafisha: namba zote ziwe za 254, halafu hifadhidata ya MySQL ikatae namba moja kuwa na akaunti mbili. Kwenye nakala yangu kazi ilikwisha kwa sekunde moja. Saa mbili usiku nikaiendesha kwenye tovuti halisi.

Hatua ya kwanza ilipita. Ya pili, `ALTER TABLE`, ikagoma na kuandika `Duplicate entry`. Kumbe kuna watu waliojisajili mara mbili, mara kwa 07, mara kwa 254. Zilipokuwa tofauti hakuna aliyegundua. Nilipozisawazisha zikagongana.

Nilidhani `ROLLBACK` itaniokoa. Haikuniokoa, kwa sababu katika MySQL amri ya `ALTER TABLE` huthibitisha kwanza kila badiliko lililotangulia. Namba zilikuwa zimeshageuka, na hapakuwa na njia ya kujua ipi ilikuwa ya 07 na ipi ya 254. Kodi ya zamani nayo ilitafuta namba jinsi mteja alivyoiandika, kwa hivyo wa 07 wote walifungiwa nje. Nikarudisha chelezo ya saa nane usiku uliotangulia, na oda za siku nzima zikapotea. Kesho yake mwenye duka alikaa na ujumbe wake wa M-Pesa, mmoja mmoja, akiwapigia watu kuuliza walinunua nini.

Tazama kosa lilipokuwa. Kodi ilifanya nilichoiambia. Kilichoniangusha ni data, na data ya kweli sikuwa nayo mahali pa kujaribia. Wateja niliowatunga mimi hawajisajili mara mbili, kwa sababu mimi sikuwaza kwamba mtu hufanya hivyo. Ningekuwa na nakala kamili, swali hili lingenionyesha kila kitu kabla sijagusa chochote:

```sql
SELECT RIGHT(REPLACE(simu, ' ', ''), 9) AS mwisho,
       COUNT(*) AS idadi
FROM wateja
GROUP BY mwisho
HAVING idadi > 1;
```

Linaondoa nafasi, linachukua tarakimu 9 za mwisho, ambazo ni zile zile kwa 07 na kwa 254, kisha linataja zinazojirudia.

Najua mtakachouliza: je, siri za wateja? Swali la haki. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haikuachi kwa sababu eti ile ni seva ya majaribio tu. Kwa hiyo nakala isafishwe kabla mtu hajaitumia. Lakini angalia unavyosafisha. Ukibadilisha kila namba kwa namba ya kubahatisha, unafuta marudio yale yale uliyokuja kuyatafuta.

Mimi hutengeneza jedwali la pembeni. Kila tarakimu 9 za kweli hupewa tarakimu 9 bandia zinazoanza na 000, na popote zinapojitokeza tena hupewa zile zile. Mwanzo wake, 0 au 254, siugusi. Mteja mwenye akaunti mbili anabaki na akaunti mbili, ila hakuna simu ya mtu itakayolia. Nikimaliza nafuta jedwali hilo. Kisha naondoa funguo za kutuma SMS na barua pepe kwenye mipangilio ya nakala, maana usafishaji nao unaweza kuruka safu moja.

Bado nakala haisemi yote. Haina watu wanaonunua wakati ule unapobadilisha jedwali. Kama `ALTER TABLE` imechukua dakika moja huko kwenye utulivu, kwenye tovuti halisi tarajia zaidi, na chukua chelezo mpya dakika chache kabla, wakati tovuti imefungwa kwa muda. Hilo tu lingeokoa oda zile.

Basi kabla ya badiliko lako kubwa lijalo, hesabu rekodi za jedwali kwenye tovuti halisi, kisha hesabu kwenye nakala. Kama upande mmoja una elfu ishirini na mwingine arobaini, bado hujajaribu.