Barua ya wito wa kikao cha nidhamu isiwe fumbo

“Unatakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu kesho asubuhi kujibu tuhuma za utovu wa nidhamu na wizi wako wa mali ya kampuni. Usipofika, itahesabika kuwa umekiri makosa.”

Barua za namna hii bado zinaandikwa na waajiri nchini, nazo hutiwa saini na kugongwa mhuri kana kwamba mhuri unaziba mapengo. Msimamo wetu ni kwamba barua hiyo haifai na inapaswa kufutwa na kuandikwa upya kabla ya kikao kuanza.

Sheria haina utata hapa. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri kwanza achunguze, kisha amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa namna na lugha anayoweza kuielewa. Mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na ana haki ya kusaidiwa kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Sasa tuipime barua hiyo. Kwanza, “utovu wa nidhamu” si tuhuma; ni jina la kapu zima la makosa. Mtunza ghala aliyeandikiwa hivyo hajui ataulizwa nini: saruji iliyotoka mwezi uliopita, au kuchelewa kwake juzi? Maneno “wizi wako” ni mabaya zaidi, kwa maana hukumu imetangulia ushahidi. Pili, haki zake hazikutajwa hata moja. Tatu, “kesho asubuhi” haina saa wala mahali, na saa 48 hazikufikiwa. Na kutofika si kukiri. Mwajiri anaweza kuendelea na kikao iwapo mfanyakazi amekataa kufika bila sababu ya msingi, lakini ushahidi bado lazima usikilizwe.

Barua sahihi haihitaji wakili. Ingesomeka hivi:

“Inadaiwa kwamba Ijumaa, 20 Februari 2026, kati ya saa 8:00 na saa 9:00 mchana, uliruhusu mifuko 40 ya saruji itoke ghala kuu bila hati ya kutolea mzigo, kinyume na kanuni za ghala ulizozisaini. Nakala ya leja ya siku hiyo na maelezo ya mlinzi wa geti zimeambatishwa.

Kikao kitafanyika Jumatano, 11 Machi 2026, saa 4:00 asubuhi, chumba cha mikutano, ghorofa ya kwanza. Mwenyekiti ni meneja ambaye hakuhusika na tukio wala uchunguzi wake.

Una haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, kujibu tuhuma, kuhoji mashahidi, na kuleta mashahidi na vielelezo vyako. Tuhuma ikithibitika, adhabu yaweza kufikia kuachishwa kazi. Ukiwa na sababu ya kuomba tarehe nyingine, tuandikie kabla ya siku ya kikao.”

Angalia kwamba neno “wizi” halimo. Kama uchunguzi umeonyesha tu kwamba mzigo ulitoka bila hati, hiyo ndiyo tuhuma. Mwajiri mwenye ushahidi wa wizi aandike wizi kama tuhuma ya pili, peke yake. Asimwite mtu kwa uzembe kisha amfukuze kwa wizi ambao hakuwahi kuujibu.

Chini ya barua pawepo nafasi ya mfanyakazi kuandika tarehe na saa aliyoipokea, kwani saa 48 haziwezi kuthibitishwa bila hiyo. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba barua ilikabidhiwa mbele yake. Wala mwajiri asijifiche nyuma ya hesabu: barua ya Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu asubuhi inatimiza saa, lakini leja imefungiwa ofisini siku zote hizo. Na asiyefanya kazi kwa Kiingereza asiandikiwe Kiingereza.

Waajiri watasema haya ni urasimu unaowalinda wezi. Si kweli. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Mwenye hatia aliyeitwa kwa barua mbovu anaweza kuondoka na fidia, na lawama ni ya aliyeandika barua.

Tunawataka maofisa rasilimali watu wasikabidhi barua yoyote ya wito isiyosema ni tendo gani, la lini na wapi, haki zipi, na kikao saa ngapi. Wenyeviti wa kamati nao wakipokea barua yenye pengo hata moja kati ya hayo, waahirishe kikao siku hiyo hiyo na kuagiza iandikwe upya.